Dakika Zinazopotea Kati ya Zoezi na Zoezi

Kipindi cha hisabati cha Darasa la IV katika shule ya msingi ya Tanzania kina dakika 40. Ndani ya dakika hizo wanafunzi hubadilisha shughuli mara nne au tano. Wanatoka nje na kuingia darasani, wanapokea madaftari, wanaacha kutazama ubao na kukaa katika vikundi, wanatoka kwenye vikundi na kuanza kazi ya mmoja mmoja, kisha wanarudisha madaftari mezani. Kila badiliko la namna hiyo ni mpito. Andalio la somo huonyesha dakika za utangulizi, za maarifa mapya na za kuimarisha maarifa, lakini halina mahali pa kuandika dakika za mpito. Muda huo hauna budi kutoka mahali fulani, na kwa kuwa zoezi hukaa mwishoni mwa kipindi, zoezi ndilo linaloliwa. Mwalimu anaeleza vizuri, watoto wanaelewa, kengele inalia kabla hawajakokotoa hesabu ya tatu.

Kiwango kilichowekwa na serikali ni wanafunzi 45 kwa darasa. Tangu ada za shule zilipoondolewa, na hasa baada ya agizo la elimu bila ada lililoanza kutekelezwa Januari 2016, shule nyingi zimebaki na madarasa yenye idadi maradufu ya hiyo. Kwa hiyo mfano utakaofuatwa hapa ni wa darasa la wanafunzi 90, wanaokaa watatu watatu kwenye madawati 30. Madawati yamepangwa katika safu tano zinazoanzia mbele karibu na ubao hadi ukuta wa nyuma, kila safu ikiwa na madawati sita na wanafunzi 18. Kati ya safu na safu kuna njia ya kupita mtu mmoja.

Katika darasa kama hilo, lawama ya kwanza huangukia watoto: ni wazembe, ni wapiga kelele, hawasikii. Lakini akitazama kwa makini mtu aliyekaa nyuma ya darasa ataona kwamba muda mwingi wa mpito watoto hawafanyi lolote. Wanasubiri. Wanasubiri jina liitwe, wanasubiri kiranja afike, wanasubiri njia iwe wazi, wanasubiri mwalimu amalize kuandika swali. Kelele huzaliwa humo ndani ya kusubiri. Ugonjwa wa darasa kubwa ni foleni, na foleni hutibiwa kwa kuigawanya.

Kugawa madaftari kunaonyesha jambo hili waziwazi kuliko mpito mwingine wowote. Njia iliyozoeleka ni kiranja kusimama mbele na rundo la madaftari 90, kusoma jina, na mwenye jina kuja kuchukua. Hata kama kila daftari litachukua sekunde tano tu, 90 mara tano ni sekunde 450, yaani dakika saba na nusu. Aliyeitwa wa kwanza amekwisha kuchora gari kwenye jalada wakati wa mwisho anapopokea daftari lake. Kiranja akiambiwa aharakishe, atapunguza sekunde moja kwa kila jina, na bado dakika sita zitakwenda. Kumhimiza hakusaidii sana, kwa sababu madaftari yote 90 yanapita kwenye mkono mmoja.

Sasa madaftari hayo yagawanywe katika mafungu matano, fungu moja kwa kila safu. Kila fungu linawekwa kwenye dawati la mbele la safu yake. Wanafunzi watatu wa dawati hilo wanachukua matatu ya juu na kupitisha yaliyobaki nyuma yao, dawati la pili linafanya vivyo hivyo, hadi la sita. Kila safu ina hatua sita, na hata zikichukua sekunde saba kila moja, ni sekunde 42. Safu zote tano zinafanya kazi hiyo kwa wakati mmoja, kwa hiyo sekunde 42 hizo ndizo za darasa zima. Hakuna aliyesimama na hakuna jina lililosomwa.

Ufundi wenyewe uko kwenye kukusanya, maana fungu lililopangwa vibaya jana litachelewesha ugawaji leo. Wakati wa kukusanya, madaftari ya dawati moja husogezwa kuelekea kwa mwanafunzi aliye upande wa njia, naye huyaweka pamoja, majalada yakitazama juu. Dawati la nyuma kabisa ndilo linaloanza. Linapitisha matatu yake mbele, dawati la tano linaweka yake juu ya hayo, la nne linaweka juu ya ya tano, na kuendelea. Fungu likifika mbele, ya juu ni ya dawati la kwanza na ya chini ni ya dawati la sita, tayari kwa kugawa kesho bila kupangwa upya. Kiongozi wa safu hulifunga kwa kamba au mpira. Mwalimu anaposahihisha hufungua fungu moja kwa wakati mmoja, husahihisha kwa mpangilio uleule, na kulifunga kabla ya kugusa lingine. Mafungu mawili yakichanganyika mezani pa ofisi ya walimu siku moja tu, asubuhi inayofuata foleni ya majina inarudi.

Utaratibu huo hudai jambo moja ambalo walimu wengine hulipuuza: kila mtoto awe na mahali pake pa kudumu. Mtoto anayekaa popote atakapo hulivunja fungu. Pia hutoa faida isiyotarajiwa. Daftari ambalo mwenyewe hayupo hubaki mkononi mwa jirani yake, nalo hupelekwa kwa kiongozi wa safu. Mwishoni viongozi watano wanashika madaftari ya wasiokuwapo, na mwalimu anajaza mahudhurio ya somo lake kwa kutazama majalada manne au matano badala ya kuita majina 90.

Mpito wa kuingia kwenye vikundi una foleni ya aina nyingine, ya miili. Kikundi kikipangwa kwa majina, kwa mfano Kikundi cha Simba huku na cha Twiga kule, watoto 90 wanainuka na kugombea njia nne nyembamba. Dawati la shule ya msingi, lenye benchi na meza vilivyounganishwa, ni zito na haligeuki kwa urahisi. Lakini mtoto anageuka. Madawati ya kwanza, ya tatu na ya tano katika kila safu yanaweza kupewa jina la wageukaji. Ishara ikitolewa, watoto wa madawati hayo wanavusha miguu juu ya benchi na kukaa wakitazama nyuma, uso kwa uso na wenzao wa dawati la pili, la nne na la sita. Meza ya dawati la nyuma inakuwa meza ya kikundi cha watu sita. Darasa zima linapata vikundi 15, na hakuna aliyetoka kwenye safu yake. Mtoto mwenye ulemavu wa mguu apewe nafasi katika dawati lisilogeuka, upande wa njia. Wasichana waliovaa sketi ndefu wazungukie mwisho wa benchi badala ya kuvusha miguu, na nusu dakika ya ziada kwa ajili hiyo si hasara.

Kikwazo cha mpango huu ni kwamba wanafunzi hukaa na watu walewale kila siku. Mwalimu anayetaka kuchanganya wenye uelewa wa haraka na wanaohitaji msaada hana budi kuwachanganya wakati wa kupanga viti, mwanzoni mwa muhula, badala ya kuwahamisha katikati ya kipindi. Mabadiliko ya viti yafanyike mara moja kwa mwezi au mbili, nje ya muda wa somo.

Baada ya vitu na miili, inabaki sauti. Jacob Kounin, mtafiti wa saikolojia wa Chuo Kikuu cha Wayne State mjini Detroit, alirekodi masomo kwa kamera za video na kuyachambua, akachapisha matokeo yake mwaka 1970. Alikuwa ameanza na swali la jinsi walimu wanavyokemea. Alichokuta ni kwamba namna ya kukemea haikutofautisha sana madarasa yaliyotulia na yaliyovurugika. Tofauti ilikuwa katika namna mwalimu anavyoendesha mtiririko wa kazi: anavyoanzisha shughuli, anavyoifunga, na kama anaiacha ikining'inia. Miongoni mwa makosa aliyoyaeleza ni lile la kutaka kundi lifanye moja moja kitu ambacho lingeweza kufanya pamoja, na lile la mwalimu kufunga shughuli, kuanzisha nyingine, kisha kurudi tena kwenye ile ya kwanza. Madarasa aliyochunguza yalikuwa ya Marekani, madogo kuliko yanayozungumziwa hapa, lakini makosa hayo mawili huuma zaidi kadiri idadi inavyoongezeka.

Kosa la pili husikika hivi. Mwalimu anasema, "Toeni madaftari." Watoto wanaanza. Baada ya sekunde kumi anaongeza, "Yale ya mazoezi, siyo ya kazi za nyumbani." Nusu ya darasa inarudisha ilichotoa. Kisha: "Andikeni tarehe kwanza." Mwisho: "Na rula pia." Kila nyongeza inafika kwa watoto ambao tayari wanapekua mifuko na kusikia nusu ya maneno, kisha wanaulizana wao kwa wao. Dawa yake ni kusema yote kabla ya mtu yeyote kuanza kusogea, kwa mpangilio uleule kila mara: kitu cha kushika, mahali pa kukaa, kazi ya kwanza, na muda. "Daftari la mazoezi na penseli. Wageukaji geukeni. Jibuni swali la kwanza lililo ubaoni. Sekunde 30. Anzeni." Neno la mwisho, "anzeni", ndilo pekee linaloruhusu mwendo, na mtoto anayenyanyuka kabla yake anarudishwa kwa upole. Swali la kwanza lazima liwe limeshaandikwa, ama upande mmoja wa ubao wakati wanafunzi wakiwa mapumziko, ama kwenye karatasi la mfuko wa saruji lililotundikwa likitazama ukuta. Mwalimu anayewageuzia watoto 90 mgongo ili aandike swali anawapa dakika mbili bila kazi.

Ishara ya kuwanyamazisha kabla ya maelezo ichaguliwe kwa kuzingatia kuta. Makofi ya mfululizo, mwalimu akipiga mdundo na wanafunzi wakiuitikia, ni ishara nzuri kwa kuwa mikono inayopiga makofi haiwezi kuchezea penseli. Lakini pale ukuta usipofika darini, makofi ya watu 90 yanavuruga Darasa la V lililo upande wa pili. Hapo ni bora mkono ulioinuliwa: anayeuona anainua wake na kufunga mdomo, hadi mikono ienee kutoka mbele hadi nyuma. Kwa mtoto asiyesikia vizuri, hiyo ya mkono ndiyo ishara pekee inayomfikia. Kupaza sauti juu ya kelele hakufai kuwa ishara, kwani darasa hupandisha kelele zake kuifikia sauti ya mwalimu, na baada ya vipindi vinne koo limekauka.

Sekunde zitajwe kwa kupima. Mwalimu akisema "dakika moja" bila kuangalia saa, watoto hujifunza haraka kwamba dakika yake ni neno tu. Upimaji si mgumu. Mtu mmoja, anaweza kuwa kiranja mwenye saa ya mkononi, anaanza kuhesabu kwenye neno "anzeni" na kusimamisha pale safu zote zinapokuwa zimeanza kazi inayofuata, isipokuwa watu wachache. Wachache ni wangapi? Kwa darasa la 90, tisa au kumi panatosha. Kumsubiri mtoto wa mwisho ni kuwafanya 89 wamsubiri mmoja, na kesho yake watakaojikokota watakuwa watatu. Mwalimu anaanza, kisha anawasogelea waliochelewa huku wengine wakifanya kazi.

Kipimo kichukuliwe siku tatu kwa kila mpito bila kubadilisha lolote, kisha namba ya katikati ndiyo ishikwe. Ikiwa kukusanya madaftari kulichukua sekunde 260, 240 na 310, ya katikati ni 260. Baada ya kuanzisha utaratibu wa safu, muda wa kutangaza uwe mfupi kidogo kuliko ule ambao darasa limeufikia tayari, labda sekunde 90, halafu 75, halafu 60. Kuna mpaka. Penseli zikianza kudondoka, majalada yakichanika, au mtoto akiumia goti kwenye benchi, muda umebanwa kupita uwezo na urudishwe ulikokuwa. Kushindanisha safu kwa safu huleta madhara hayohayo mapema zaidi, kwa sababu madaftari huanza kurushwa. Darasa lishindane na muda wake la jana.

Kufundisha utaratibu wenyewe kunahitaji siku kadhaa, na hapa ndipo walimu wenye haraka hukata tamaa. Siku ya kwanza safu moja inaonyesha wengine wakitazama, taratibu kabisa, bila saa. Kisha safu zote zinafanya na madaftari matupu. Siku ya pili zinafanya mara tatu mfululizo, na mwalimu anataja kilichokosewa kwa jina la kitendo: "Dawati la nne mliweka chini badala ya juu." Saa inaingia siku ya tatu au ya nne, vitendo vikishakuwa sahihi. Zoezi hili linaweza kula dakika kumi kila siku kwa wiki nzima. Baada ya likizo, hata ile fupi ya katikati ya muhula, lirudiwe siku moja.

Hesabu ya kipindi kizima katika darasa la mfano ni hii. Kabla ya utaratibu, kuingia kulichukua dakika mbili, kugawa madaftari saba na nusu, kuingia vikundini mbili, kutoka vikundini moja na nusu, kukusanya nne. Jumla ni dakika 17 kati ya 40. Baada ya wiki tatu, kuingia kwa mistari miwili, safu za mbali na mlango zikitangulia, huchukua dakika moja, kugawa sekunde 45, kugeuka sekunde 20, kurudi sekunde 15, kukusanya dakika moja. Jumla ni dakika tatu na sekunde 20. Mtoto anayehitaji dakika mbili kwa hesabu moja ya kugawanya amepata nafasi ya hesabu sita zaidi katika kipindi hicho kimoja.

Utaratibu ukianza kuharibika, unaonyesha mahali unapoumia. Kelele inayopanda kutoka nyuma wakati wa kugawa inamaanisha fungu limekwama katikati ya safu, mara nyingi kwenye dawati ambalo watu wawili hawapo na aliyebaki anatafuta afanye nini na madaftari yao. Safu moja ikiwa ya mwisho kila siku, kiongozi wake aangaliwe kabla ya wanafunzi wengine. Pengine anahesabu madaftari kabla ya kuyapitisha. Kama sekunde 20 za kugeuka zimekuwa 50, sababu huwa ni vitu vilivyo juu ya meza, na amri ya "mifuko chini" imesahaulika. Na kama wanafunzi wamekwisha kukaa lakini hawajaanza kazi, tatizo liko ubaoni: swali halisomeki kutoka dawati la sita, au ni gumu mno kuanzwa bila maelezo. Swali la kwanza baada ya mpito liwe jepesi kiasi cha kila mtoto kuandika kitu.

Penseli zinastahili kutajwa peke yake. Katika darasa la 90, watoto wanane au kumi hugundua penseli zao hazijachongwa mara tu zoezi linapoanza, na wembe mmoja huzunguka darasa zima. Kopo moja kwa kila safu, lenye penseli tatu zilizochongwa na kiongozi wa safu asubuhi, huondoa mzunguko huo: butu linaingia, iliyochongwa inatoka, na mwisho wa kipindi wanabadilishana tena.

Zipo hali ambazo mpango wa safu hauziwezi. Pale watoto wanapokaa chini kwa kukosa madawati, au watano katika dawati la watatu, mafungu yanaweza kupitishwa kwa mistari iliyochorwa kwa chaki sakafuni, lakini kugeuka kwa vikundi huwa msongamano, na kazi ya wawili wawili na jirani hufaa zaidi. Darasa linalopokea zamu mbili kwa siku halina pa kuhifadhi mafungu, hivyo lazima yasafiri na mwalimu au yafungiwe ofisini.

Gumu kuliko yote ni kwamba darasa moja hufundishwa na walimu wengi. Wa hisabati akiinua mkono, wa Kiswahili akipiga meza kwa rula na wa sayansi akipiga kelele, watoto hubadilisha ishara kila baada ya dakika 40 na hawashiki hata moja. Walimu wa darasa hilo hukaa pamoja mara moja, kabla muhula haujaanza, wakakubaliana mambo manne: ishara ni ipi, mpangilio wa viti ni upi, fungu linafungwaje, na nani anafuta ubao kipindi kinapoisha. Ramani ya viti inachorwa kwenye karatasi na kubandikwa ndani ya mlango wa kabati, ili hata mwalimu aliyeingia kushika kipindi cha mwenzake mgonjwa ajue fungu la safu ya tatu linaanzia dawati gani.